Koo wiki nzima, mitoki shingoni

UPENDO: Swali la leo limetoka kwa mama mmoja wa Majengo, hapa hapa Moshi. Kijana wake ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Koo linamuuma siku ya 8 sasa, ana mitoki shingoni na amelegea, analala tu. Mama alimnunulia amoksilini duka la dawa. Juzi kijana katoka vipele mwili mzima. Daktari, ni mzio huo?

BARAKA: Inawezekana, kwa hiyo aache dawa na aende akaonwe. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, asisubiri hata saa moja. Ila mimi nawaza zaidi kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kinachoenezwa kwa mate na kinachopenda sana vijana wa umri huo. Mwenye kirusi hiki akimeza amoksilini, mara nyingi hutoka vipele vya namna hiyo, na si lazima awe na mzio wa kudumu.

UPENDO: Lakini mama anasema mafindofindo yana utando mweupe. Si ndiyo usaha wa bakteria?

BARAKA: Hapo ndipo wengi tunateleza. Utando unatokea kwa wote wawili. Mimi naishika shingo. Bakteria wa koo, streptokoka, huvimbisha mitoki ya mbele, chini ya taya, na ukiigusa inauma. Homa huja ghafla, kikohozi hakuna, na kwa kawaida siku 3 hadi 5 homa imeshuka. Kirusi hiki huvimbisha hata mitoki ya nyuma ya shingo, na uchovu wake unakokota wiki kadhaa. Kipimo cha damu kitaonyesha chembe nyeupe aina ya limfosaiti zimepanda.

UPENDO: Basi antibayotiki ya nini?

BARAKA: Kwa kirusi, haina kazi. Kwa streptokoka ina kazi kubwa: isipotibiwa, wiki chache baadaye mtoto anaweza kupata homa ya viungo inayoharibu vali za moyo. Ndiyo maana akithibitika anayo, anamaliza siku 10, hata koo likipona siku ya 3. Na kwa umri huu huwa naomba na kipimo cha VVU, maana maambukizi mapya huanza hivi hivi.

UPENDO: Bibi yake anataka akakatwe kimeo.

BARAKA: Hapana, shikamoo yake lakini hapana! Atatoka damu bure, na mitoki itabaki pale pale.

UPENDO: Na mpira? Jumamosi ana mechi.

BARAKA: Asicheze. Kirusi hiki huvimbisha bandama, na teke moja la tumbo linaweza kuipasua. Apumzike angalau wiki 3 tangu alipoanza kuugua, kisha apimwe kabla ya kurudi uwanjani. Akipata maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto, chini ya mbavu, au akashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, ni hospitali usiku huo huo.