Pampu ya sola shambani: itarudisha pesa lini, na hesabu inapokudanganya

Karibu mtazamaji. Shika daftari na kikokotoo cha simu. Tunapima pampu ya sola ya shilingi 9,000,000, paneli na tangi vikiwemo, kwa shamba la nyanya Kasese, Uganda, linalotumia pampu ya petroli.

Anza na petroli utakayookoa. Pampu ikinywa lita moja kwa saa, ikafanya kazi saa nne, na lita ni shilingi 5,000, siku moja ni 20,000. Sasa angalia hapa, maana wengi huharibikia hapa: usizidishe kwa mwaka mzima. Mvua ikinyesha humwagilii. Hesabu siku za kiangazi tu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, siku 25 kila mwezi. Ni siku 150, sawa na 3,000,000 kwa mwaka. Ukiandika siku 300, sola itaonekana nzuri mara mbili ya ilivyo.

Gawanya 9,000,000 kwa 3,000,000. Gharama inarudi kwa miaka mitatu.

Lakini kama pesa ni ya mkopo wa riba ya asilimia 20, shilingi ya mwaka ujao haina uzito wa shilingi ya leo. Akiba ya mwaka wa kwanza igawanye kwa 1.2, upate 2,500,000. Ya mwaka wa pili igawanye kwa 1.2 mara mbili, upate kama 2,083,000. Endelea hivyo huku ukijumlisha. Utafika 9,000,000 mwaka wa sita ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Mitatu imekuwa mitano na kidogo.

Sasa muuzaji mwingine anakuletea mtambo wa betri za asidi kwa 6,000,000. Ni mdogo, unaokoa 2,400,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya kwanza unarudisha kwa miaka miwili na nusu; kwa hesabu ya riba, kabla ya mwaka wa nne kwisha. Unashinda kote kuwili, na hapo ndipo mtego ulipo: hesabu zote mbili hufunga daftari siku gharama inaporudi.

Wewe usifunge. Mwishoni mwa mwaka wa nne betri zimechoka, na mpya ni 2,500,000. Iandike kwenye mstari wa mwaka huo, nayo uigawanye kwa 1.2 mara nne. Utaona mtambo uliokwisha kujilipa umerudi kwenye deni, na hautoki humo hadi mwaka wa sita. Mwaka wa nane betri tena.

Jaza mistari yote hadi mwaka wa kumi. Wa betri unakuachia faida ya kama 2,300,000 kwa thamani ya leo. Ule wa tangi, hata ukiununulia pampu mpya ya 1,500,000 mwaka wa saba, unakuachia kama 3,200,000. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji bei ya betri na muda wa dhamana yake kwa maandishi, uvitie kwenye mistari hiyo.