Kampuni Moja Ndani ya Bahari ya Rejesta: Namna ya Kuitafuta, na Mahali Hifadhidata Inapokomea

Habari za leo, na karibuni. Wengi wenu mna kazi ya namna moja: mmepewa jina la kampuni, mnataka kujua kama ipo, ilisajiliwa wapi, bado iko hai au imefutwa, na nani yuko nyuma yake. Mnafungua OpenCorporates, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2010 ambayo leo ina kumbukumbu zaidi ya milioni 200 kutoka kwa wasajili wa zaidi ya nchi na majimbo 140. Mnaandika jina, mnabofya. Leo nazungumzia kinachofuata baada ya kubofya.

Kwanza tukubaliane mle ndani mna nini. Hamna makampuni, mna nakala za maandishi ya usajili. Kila msajili ana daftari lake, sheria zake na namna yake ya kuandika namba. Hifadhidata hizi huchota kurasa au mafaili ya wasajili hao na kuyapanga kwa umbo moja. Kwa hiyo safu moja ya matokeo inasema hivi tu: siku fulani, daftari la mahali fulani lilikuwa na maandishi haya. Mkiishika sentensi hiyo, makosa mengi mtayakwepa.

Tuchukue kampuni inayojulikana na kila mtu, Apple, tuitafute pamoja. Ukiandika `apple` peke yake unapata rundo lisilosomeka. Ukiandika `apple inc` bado ni rundo, kwa sababu utafutaji umelegezwa makusudi: unataka maneno yote mawili yawemo ndani ya jina, lakini haujali yamekaa wapi wala yana jirani gani. Kampuni yenye maneno manne, mojawapo likiwa Apple na la mwisho Inc, nayo inaingia. Alama kama mkato na mabano hazihesabiwi. Tena majina ya zamani yanatafutwa pia, kwa hiyo kampuni inayoitwa kitu kingine kabisa leo inaweza kujitokeza kwa sababu ya jina iliyoliacha miaka ishirini iliyopita. Hilo lisiwashangaze, ndiyo faida yake.

Dawa ya rundo si kupitia kurasa moja baada ya nyingine. Dawa ni kujua kabla ya kutafuta ni daftari gani unalolihitaji. Watu wengi hudhani kila kampuni kubwa ya Marekani imesajiliwa Delaware. Apple haiko huko; ni kampuni ya California. Jambo hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa yake ya mwaka, ile fomu 10-K inayopelekwa kwa mdhibiti wa masoko ya hisa, penye kisanduku cha jimbo la usajili. Kwa kampuni ndogo isiyo na taarifa kama hiyo, tafuteni mkataba, ankara, au sehemu ya masharti chini kabisa ya tovuti yake. Mara nyingi hapo pana jina kamili la kisheria na hata namba. Ukishajua ni California, unabana utafutaji:

```
https://api.opencorporates.com/v0.4/companies/search?q=apple+inc&jurisdiction_code=us_ca
```

Ombi hilo linahitaji pia ufunguo wako wa `api_token`. Kwenye ukurasa wa kawaida unachagua tu jimbo pembeni. Kumbukumbu tunayoitaka ina namba C0806592 na tarehe ya kuundwa 3 Januari 1977.

Hapa kuna mtu atasimama aseme: mbona Apple ilianza 1976? Ni kweli. Tarehe 1 Aprili 1976 ulianza ubia wa watu, haukuwa kampuni iliyosajiliwa kwa sheria ya makampuni. Kampuni yenyewe iliundwa Januari iliyofuata. Tarehe mbili zinazogongana hazimaanishi kwamba umeshika kampuni isiyo yako. Jiulize kwanza kila tarehe inahesabu tukio gani. Angalieni na jina la awali: Apple Computer, Inc., lililobadilishwa Januari 2007. Jina limebadilika, namba imebaki palepale. Ndiyo maana ukishaipata namba, achana na jina; kuanzia hapo tafuta kwa namba.

Lakini namba nayo ina mitego yake, na hapa ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika.

Mtego wa kwanza ni uandishi. Namba ileile ya Apple utaikuta mahali pengine imeandikwa 806592, bila herufi C na bila sifuri ya mbele. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili. Namba za Uingereza zina tarakimu nane, na BP ni 00102498. Ifungue orodha hiyo kwenye Excel bila kutangaza kwamba safu ile ni maandishi, sifuri mbili zinapotea na unabaki na 102498. Ukiunganisha orodha mbili kwa namba hiyo, BP haitaonana na BP. Utalitambua kosa hili mapema ukihesabu urefu wa kila namba kwenye safu: namba za Uingereza zenye tarakimu sita au saba ni dalili kwamba sifuri zimeliwa. Scotland huanza na SC na Ireland Kaskazini na NI, kwa hiyo msiziondoe herufi kwa nia ya kusafisha.

Mtego wa pili ni mzito zaidi: namba isiyojitosheleza. Ujerumani daftari la biashara huwekwa na mahakama, na kila mahakama huhesabu yenyewe. HRB 150148 ya Hamburg si HRB 150148 ya Munich. Ndiyo sababu kwenye hifadhidata utaona namba ndefu kama `K1101R_HRB150148`. Kipande cha mbele ni alama ya mahakama. Ukinakili HRB na tarakimu zake peke yake, umenakili nusu ya utambulisho. Tena kampuni ikihamisha makao yake kwenda eneo la mahakama nyingine, inapewa namba mpya. Kumbukumbu ya zamani inaonekana kama imefungwa, na asiyejua ataandika kwamba kampuni imekufa kumbe imehama mji.

Na mtego wa tatu: kampuni moja, namba nyingi. Kampuni ya California inayofanya biashara katika jimbo jingine hulazimika kujiandikisha huko kama kampuni ya nje, na huko hupewa namba nyingine na tarehe nyingine. Hifadhidata hujaribu kuziwekea kumbukumbu hizo alama ya tawi, lakini alama hiyo inategemea msajili kusema wazi. Asiposema, unaona kampuni mbili zenye jina moja. Linganisheni aina ya kampuni na jimbo la asili kwenye daftari lenyewe kabla ya kuhesabu. Hasara ya kutofanya hivyo ni mbili: unahesabu kampuni moja mara tano, au unaisoma tarehe ya tawi kama tarehe ya kuzaliwa kwa kampuni.

Sasa twende kwenye swali la uhai: je, kampuni bado ipo? Hapa someni sehemu inayorukwa na karibu kila mtu, ile ya chanzo. Ndani yake mna `retrieved_at`, siku ambayo maandishi yalichukuliwa kwa msajili. Msiichanganye na `updated_at`, ambayo inaweza kusogea kwa sababu za ndani za hifadhidata bila mtu yeyote kurudi kwa msajili. Ikiwa hadhi inasema kampuni iko hai na `retrieved_at` ni ya miezi kumi na minne iliyopita, basi unachokijua ni kwamba ilikuwa hai miezi kumi na minne iliyopita. Andikeni hivyo kwenye ripoti, pamoja na tarehe. Mafaili ya kupakua yana tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Faili la makampuni zaidi ya milioni 5 ya Ujerumani lililotolewa mwaka 2019 bado linazunguka mitandaoni, na kampuni iliyoundwa mwaka 2021 haiwezi kuwamo.

Kuna pia taarifa ambazo hazijawahi kuwekwa wazi kokote. Delaware huonyesha bure jina, namba ya faili, tarehe ya kuundwa na wakala wa usajili. Hadhi ya kampuni unailipia dola 10 kwa kila kampuni. Mkusanyaji hawezi kukupa alichonyimwa. Sehemu ya hadhi ikiwa tupu, someni utupu kama utupu: haisemi hai wala mfu. Vilevile majina ya wakurugenzi hayamo kwenye ukurasa huo wa bure, na anwani mnayoiona ni ya wakala. Maelfu ya kampuni zisizojuana hukaa kwenye anwani moja ya wakala. Kuziunganisha kwa sababu ya anwani hiyo ni kosa ambalo limewahi kuwachafulia watu jina, na linaniuma kila ninapoliona.

Wengine mtakimbilia hifadhidata ya GLEIF, yenye LEI, ile alama ya kuitambulisha kampuni yenye herufi na tarakimu 20. Ni nzuri, ni ya bure, na mara nyingi inabeba namba ya usajili ya nchi, kwa hiyo inafaa kuhakiki ulichokipata. Ya Apple ni `HWUPKR0MPOU8FGXBT394`. Shikeni mambo mawili tu. Alama ya `LAPSED` maana yake LEI haikuhuishwa, na haisemi kwamba kampuni imefutwa. Na kampuni mama inayotajwa humo ni ile inayojumuisha hesabu za kampuni tanzu kwenye vitabu vyake. Si orodha ya wanahisa, wala haimtaji mtu binafsi anayemiliki.

Nimalizie na matokeo sifuri, maana hapo ndipo watu huandika kwa ujasiri kwamba kampuni haipo. Kabla ya kuandika hivyo, jaribuni tena mkiacha neno la mwisho kama Limited au GmbH, mkibakiza neno moja lisilo la kawaida ndani ya jina, kwa mfano `strandkorb*`, ambapo nyota huleta majina yote yanayoanza hivyo. Jaribuni ü kama u na kama ue. Kama nchi inaandika kwa Kisiriliki au Kiarabu, tafuteni kwa maandishi hayo, kwa kuwa msajili huenda hakuweka tafsiri. Kisha angalieni kama nchi yenyewe imo kwenye hifadhidata, na kama aina hiyo ya biashara husajiliwa huko. Mfanyabiashara binafsi anayetumia jina la biashara mara nyingi hayuko kwenye daftari la makampuni. Mkimaliza yote hayo, nendeni kwa msajili mwenyewe mtafute hapo. Ikikosekana na hapo, sentensi ya kuandika ni hii: tarehe fulani, katika daftari la mahali fulani, kwa maneno haya tuliyoyatafuta, hatukuipata.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na maswali ya safu ya nyuma.