Somoe, na wale wasio na picha

Wazee wangu, mama zangu na vijana mliofika jioni hii, ahsanteni. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya misaada ya mtaa wetu hapa Lindi kwa miaka mingi. Nitaanza na mambo mawili yaliyonikuta katika mwezi mmoja, kwa kuwa tangu siku hizo sijatulia.

Jambo la kwanza ni la mtoto wa miaka sita. Nitamwita Somoe, jina lake halisi nalihifadhi. Moyo wake ulikuwa na tundu, akatakiwa kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Shangazi yake akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: mtoto kakaa kwenye mkeka, gauni la njano, anatutazama. Usiku ule simu yangu haikulala. Mvuvi ambaye najua hali ya nyumbani kwake alituma elfu mbili. Siku ya tatu nauli, malazi ya mama na fedha ya dawa vilikuwa vimetimia, na zikabaki.

Jambo la pili ni la muuguzi wa zahanati, aliyekuja kwenye kikao na karatasi yenye hesabu. Watoto walio chini ya mwaka mmoja ni kadhaa, homa ya malaria imepanda, vyandarua vya kaya nyingi vimechanika. Alisoma vizuri, watu wakatikisa vichwa, wakampigia makofi. Nilipopitisha bakuli nilipata fedha isiyotosha vyandarua vitano.

Watu walikuwa walewale, ndiyo maana siwezi kusema kwamba watu wetu wana roho mbaya.

Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha majaribio juu ya jambo hili. Katika jaribio moja, watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakapewa nafasi ya kutoa kiasi chochote kwa shirika la kusaidia watoto. Kundi moja lilisoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali mwenye njaa, na kuona picha yake. Kundi la pili lilisoma takwimu tupu, pamoja na ile ya watoto zaidi ya milioni 3 wa Malawi, majirani zetu, waliokuwa na upungufu wa chakula. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili, Rokia na takwimu.

Kwa wastani, waliomwona Rokia peke yake walitoa dola 2.38. Waliosoma takwimu walitoa 1.14. Sasa nisikilizeni hapa. Akili ya kawaida ingesema kundi la tatu litoe zaidi ya wote, maana limemjua mtoto na limejua kwamba wenzake ni mamilioni. Lilitoa 1.43. Mamilioni yale yalimpunguzia Rokia msaada.

Kwa nini? Sababu moja waliijaribu wenyewe. Waliwapa watu maswali mafupi ya hesabu kabla ya kuwaonyesha Rokia, na wengine wakaulizwa kwanza juu ya hisia zao. Waliotoka kwenye hesabu walimpa Rokia karibu nusu ya walichotoa wale wengine. Huruma huja kwa kutazama uso. Ukianza kukokotoa, jicho limeshahama. Sababu nyingine tunaijua bila maabara: elfu mbili ya mvuvi ilionekana inamfikisha Somoe Dar es Salaam, lakini mbele ya kata nzima ilionekana tone baharini. Wahenga walisema kifo cha wengi arusi, kwa maana ya kuwafariji wafiwa. Mimi siku hizi nausikia pia kama onyo: wengi wanapoumia pamoja, uchungu wetu sisi tunaotazama hupungua badala ya kuongezeka.

Na kuna kitu kigumu zaidi juu ya chandarua. Somoe akipona, tutamwona anacheza barazani. Mtoto aliyeokolewa na chandarua hatumwoni. Mbu hakumuuma, homa haikuja, na mama yake mzazi hajui kwamba usiku fulani mwanawe aliokoka. Huyo hawezi kupigwa picha ya kuombewa mchango, wala ya kutoa shukrani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, takriban 43 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kila mmoja wa hao 43 ana jina lake na ana shangazi. Huenda shangazi huyo hana simu ya kutuma picha.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kimaadili. Kumlilia Somoe si kosa hata kidogo, mwenye kumwona mtoto vile asitikisike ana maradhi. Kosa ni kuyafanya machozi yetu kuwa mizani, tukaamini kwamba asiyetutoa machozi hana haki ileile. Haki ya mtoto kuishi haikuanzia kwenye kifua changu, wala haitegemei gauni la njano.

Basi tuwafundishe watu wasivutwe na picha? Katika majaribio yale walijaribu hilo pia. Waliofundishwa kwanza juu ya udhaifu huu walimpunguzia mtoto mwenye jina, na wale wa takwimu hawakuongezewa kitu. Haki inanitaka niseme kwamba watafiti wengine walilirudia jaribio hilo la mafunzo kwa watu wengi zaidi, wakachapisha mwaka 2023, na hawakuona hata ile tofauti ya mwanzo kati ya mtoto mwenye jina na takwimu. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti nyingi uliikuta tofauti ipo, lakini ni ndogo kwa wastani, na huonekana zaidi akiwa mtoto mmoja, mwenye picha, maskini. Hiyo ndiyo picha ya Somoe hasa. Kwa hiyo sitawahubiria mkaushe mioyo. Naogopa tutampoteza Somoe na tusimpate mwingine.

Ninachokiona mimi ni kuamua mapema, moyo ukiwa umetulia. Zile fedha zilizobaki kwa Somoe sikuweza kuzinunulia vyandarua. Zilikuwa amana, watu walizitoa kwa jina lake, nikamkabidhi mama yake zote. Tangu hapo kila tangazo la mchango linatamka toka mwanzo: kikishatimia cha mtoto, kinachozidi ni cha vyandarua. Hakuna aliyelalamika.

Lakini ziada haiji kila mara, na malaria haisubiri mtoto mwingine augue moyo. Ndiyo maana napendekeza shilingi moja kwa kila kilo ya korosho, ipitishwe na wanachama wenyewe kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi kabla ya mnada wa kwanza. Mwenye kilo 600 atakatwa shilingi 600. Najua makato yamewachosha, na mna haki ya kuchoka, kwani mengine hamjawahi kuona yalikokwenda. Hili lisipite bila hesabu kubandikwa ukutani zahanati: tumekusanya kiasi hiki, tumenunua vyandarua vingapi, vimekwenda kaya zipi. Wanaotaka kuipeleka hoja hiyo waandike majina kwenye daftari, liko mezani pale mlangoni.