Namba ya uthibitisho haiji: tuanzie wapi?

Asanteni, mama zangu na ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie jambo moja: unajisajili mahali, unaambiwa umetumiwa namba ya uthibitisho kwa meseji, unasubiri, haiji. Kabla ya yote, acheni kubonyeza "tuma tena" mfululizo. Mara nyingi kila ukibonyeza inatengenezwa namba mpya, na ya mwanzo haifai tena.

Nianze na mteja wangu mmoja, muuza nyanya. Laini yake iko kwenye kitochi, na mwanawe alikuwa anamfungulia WhatsApp kwenye simu nyingine kubwa. Huo ni utaratibu halali kabisa. Namba ya tarakimu sita inakuja kwenye kitochi, unaiandika kule. Ila haikuja. Nikampigia, kitochi kikaita vizuri. Nikamtumia meseji ya kawaida, "mambo". Haikufika.

Hapo jibu lilikuwa limekaribia. Simu inaita, kwa hiyo laini ina mtandao. Meseji ya mtu wa kawaida imekwama, kwa hiyo mwenye WhatsApp hana kosa. Tukatazama juu ya kioo: kibahasha kidogo kinawakawaka. Sanduku la meseji limejaa.

Watu wengi hudhani meseji ikikosa nafasi inapotea. Haipotei papo hapo. Simu inaujibu mtandao kwamba haina pa kuiweka, na kituo cha meseji cha kampuni ya simu kinaishikilia kwa muda. Ukifuta chache, simu inaujulisha mtandao kwamba sasa ina nafasi, na zilizokwama zinaanza kushuka. Vitochi vingi vinahifadhi meseji kwenye laini yenyewe, ambayo mara nyingi haibebi zaidi ya makumi machache. Matangazo ya bando na ya kubeti yanazimaliza hizo nafasi upesi.

Tulipofuta, ikashuka "mambo" yangu, halafu namba tatu za WhatsApp kwa mpigo. Mama akaikimbilia ya juu, ikakataliwa. Zote zilikuwa za zamani. Tukasubiri saa ya kuhesabu kwenye WhatsApp iishe (kila ukirudia kuomba, inakuongezea muda wa kungoja), tukaomba moja tu, ikaja.

Na wenye simu kubwa msicheke. Android nayo hukataa meseji nafasi ya ndani ikikaribia kuisha, na hapo mkosaji ni video za magrupu. Futeni hizo kwanza.

Sasa tuseme "mambo" imefika lakini namba ya uthibitisho haijafika. Hapo nashuku uzuiaji. Namba hizi mara nyingi hutumwa kwa jina badala ya namba ya simu, na jina hilohilo huenda ndilo lililokutumia matangazo mwezi uliopita, ukakasirika ukalizuia. Kwenye programu ya Messages ya Google, gusa picha yako juu kulia, ingia `Spam & blocked`. Utaikuta meseji imelala humo. Lifungulie jina hilo. Kwa wenye iPhone ni tofauti: zilizotumwa wakati umezuia hazirudi hata ukifungua, itabidi uombe mpya.

Kuna aliyeuliza pale nyuma: "Mbona intaneti yangu inafanya kazi lakini meseji haziji?" Kwanza angalia kama si waifai, kwa sababu hiyo haihusiani na laini yako. Hata kama ni bando, intaneti na meseji zinaweza kupita njia tofauti ndani ya mtandao. Mtandao unaweka kumbukumbu ya eneo ilipo simu yako, na meseji inapelekwa huko. Kumbukumbu hiyo ikiharibika, meseji inangoja. Washa hali ya ndege, kaa kama nusu dakika, izime. Simu itajisajili upya kwenye mnara. Ikishindikana, zima simu kabisa na uiwashe.

Kuna na usajili mwingine, ule wa alama za vidole. Hapa Tanzania, piga `*106#` ufuate maelekezo. Utaona kama laini imesajiliwa na kwa jina la nani. Laini iliyokaa sana kabatini inaweza kuwa imeshafungwa, na hiyo hata ukifuta meseji zote haitapokea kitu.

Ukiwa umepita hapo kote na bado haiji, piga huduma kwa wateja. Usiwaambie tu "meseji haziji". Wape namba yako, jina la huduma uliyoiomba namba na saa uliyoiomba, kisha uwaulize kama meseji hiyo imefika kwao. Kama haijafika kwao, wa kumuuliza ni yule mwenye huduma.