Ukurasa Umefungwa, PDF Iko Wazi

KASSIM: Dada Rehema, ulinipigia juzi usiku ukasema mada ya leo tuibadilishe. Haya, tueleze.

REHEMA: Wiki hii nimekagua mfumo wa ada wa shule moja, kwa kibali chao cha maandishi. Walinifungulia akaunti mbili za wazazi wa kubuni, A na B. Risiti ya A ni namba 48213. Nikaingia kama B, nikaomba ukurasa wa risiti hiyo ya A. Mfumo ukanikatalia, 403. Vizuri. Nikageukia kitufe cha kupakua, nikatuma ombi lilelile kwa kuki ya B:

```
curl -D - -o risiti.pdf -b "kikao=KUKI_YA_B" https://jaribio.example/risiti/48213/pdf
```

Ikaja 200, yaani ombi limekubaliwa. Ndani yake jina la mtoto wa A, darasa lake, alicholipiwa na deni lililobaki.

KASSIM: Ukurasa umefungwa, PDF iko wazi?

REHEMA: Ndivyo. Aliyetengeneza ukurasa aliweka ukaguzi humohumo kwenye ukurasa. PDF iliongezwa baadaye, ikawa inachota moja kwa moja kwenye hifadhidata. Inauliza, "Umeingia?" Haiulizi, "Risiti hii ni yako?" Swali la kwanza, mifumo ya kujengea tovuti kama Laravel au Django inakusaidia tayari. La pili lazima ulieleze mwenyewe, kwa sababu nani ni mzazi wa nani anajua mwenye shule. Ukisahau njia moja tu, umeacha pengo.

KASSIM: Na programu za kukagua zenyewe hazikuliona?

REHEMA: Zingelionaje? Ombi limetumwa, PDF imerudi, kwao mfumo unafanya kazi. Kwenye orodha ya OWASP ya 2021, ile ya hatari kubwa za programu za wavuti, tatizo la ruhusa lilipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza, na mimi hilo silishangai hata kidogo.

KASSIM: Mimi ningeanza na hizo namba. Ukiona 48213 unajua ipo 48214. Weka UUID, alama 36 zisizofuatana. Nani atakisia?

REHEMA: Shangazi yako.

KASSIM: Jamani, Shangazi tena!

REHEMA: Wasikilizaji wanamjua. Shangazi akipokea linki, kabla hajaifungua imeshafika grupu la ukoo. Hapo nani amekisia? Linki imeletwa mezani.

KASSIM: Shangazi atavujisha risiti moja. Angalia kampuni ya First American kule Marekani, 2019. Nyaraka za nyumba na mikopo kama milioni 885. Unabadilisha tarakimu kwenye anwani, unapata hati ya mtu mwingine, hata kuingia huhitajiki. Namba zisingefuatana, nani angezipitia zote?

REHEMA: Kupitia zote kungekuwa kugumu, sikatai. Lakini UUID inabaki kwenye historia ya kivinjari, kwenye kumbukumbu za seva, hata kwenye majibu ya mfumo wenyewe. Nimeshaona orodha ya wazazi inayorudisha UUID ya kila mmoja.

KASSIM: Basi ni kinga ya ziada.

REHEMA: Ninachokipinga ni kinachofuata. Timu inabadilisha namba, inafunga kazi, halafu sharti lenyewe haliandikwi. Sharti ni hili:

```sql
SELECT * FROM risiti
WHERE id = 48213 AND mzazi_id = 907;
```

Hiyo 907 itoke kwenye kikao cha aliyeingia. Ukiipokea kutoka kwenye ombi, B ataandika namba ya A na utampa risiti.

KASSIM: Sharti nalikubali. Ila siku mtu atakapolisahau, UUID ndiyo itakayomchelewesha mwizi. Mimi ningeweka zote mbili, na ningeanza na UUID.

REHEMA: Na mimi ukaguzi wangu ungekataa kupokea UUID kama marekebisho.

KASSIM: Hata kwa siku moja, wakati sharti linaandikwa?

REHEMA: Hata kwa siku moja.

KASSIM: Basi Shangazi atatuamulia.

REHEMA: Ataipeleka kesi kwenye grupu!

KASSIM: Tumebakiwa na dakika mbili, na nilikuwa na mambo matatu ya kuwapa watu nyumbani.

REHEMA: Chukua moja. Akaunti mbili, kila moja kwenye kivinjari chake. Andika kila ombi analotuma A, yakiwemo ya kupakua na kuchapisha, kisha uyarudie kwa kuki ya B. Usiridhike na 403 au 200 peke yake, soma kilichorudi. Kuna mfumo unaokupa 200 yenye maneno "huna ruhusa", na mwingine unaokupa 403 huku data imo chini yake.

KASSIM: Na kubadili na kufuta? Hujagusa.

REHEMA: Hayo ni PUT na DELETE, nayo huyafanyi kabla hujapata mazingira ya majaribio, maana ukifuta risiti ya kweli...

KASSIM: Muda, dada. Wiki ijayo tunaanzia kwenye DELETE.