Kimea Hutiwa Sima Ikishaiva

Assalaam alaykum mama zangu, dada zangu, na nyanya mliokaa pale mbele. Leo sufuria iko jikoni mbele yenu, kwa sababu neno hili la kutia kimea, yaani unga wa punje zilizooteshwa, kwenye uji wa mtoto nimelisema mara nyingi hapa Lamu na bado narudi majumbani nakuta uji ni maji.

Kikombe hiki ni cha mililita 250. Mtoto wa mwaka mmoja akikimaliza, tumbo limejaa. Ule uji mwepesi tuliouzoea, kikombe kizima kina unga wa gramu 15 hivi, sawa na kalori 50 tu. Tukitia gramu 50 tunafika kama kalori 170, lakini inakuwa sima, mtoto anatema. Mama afanyeje? Anaongeza maji, na mtoto anashiba bila kupata kitu.

Sasa tazameni mwiko. Hii ni sima laini ya wimbi, gramu 50 kwa kikombe, imeiva vizuri. Nauinua mwiko, sima imeng'ang'ania. Naepua, nakoroga mvuke upungue mpaka joto liwe la kuungua mdomo lakini haitokoti tena. Natia kijiko cha chai cha kimea, nakoroga, nafunika dakika kumi. Haya, ninyanyue... mnaona? Inatiririka. Sikutia hata tone la maji! Punje ikichipua hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata wanga vipande vidogo, na wanga uliokatwa hauwezi kushika maji ukavimba. Unga ni ule ule, nguvu ni ile ile.

Dada mmoja ananiangalia kwa shaka. Najua analotaka kusema, kwamba kwake alitia kimea na uji haukulainika. Ulikitia uji ukitokota, dada yangu. Moto ule unaua amilesi papo hapo. Au wimbi lilikaangwa kabla ya kusagwa ili linukie. Kimea kilichokaangwa ni unga wa kawaida tu. Na ukikitia uji ukiwa vuguvugu wa kunyweka, kinafanya kazi polepole mno.

Tumemaliza? Hapana, na hapa ndipo nagombana na nyanya zangu. Uji ukishalainika, urudisheni motoni utokote dakika chache. Mtasema kuchemsha mara mbili kunaharibu lishe. Vitamini kidogo zitapungua, sikatai, lakini protini, madini na nguvu vinabaki. Kimea kimekaa na unyevu siku mbili tatu kwenye joto letu hili, na vijidudu vya kuharisha hupenda mahali kama hapo. Kukitia kibichi kisha ukamnywesha mtoto ni kumpa vijidudu hivyo kwa mkono wako. Moto wa pili unaua vijidudu na amilesi pamoja, na wakati huo amilesi imeshamaliza kazi.

Kukitengeneza: punje zichagueni, zioshwe, zilowekwe usiku mmoja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hata kama yametoka kwenye jabia. Zichujeni, zitandazeni juu ya kitambaa safi kwenye uteo, zifunikeni kivulini, na mzisuuze asubuhi na jioni. Mizizi ikifika urefu wa punje, anikeni juani. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo msiridhike kwa kuangalia. Tafuneni punje moja: ikikatika kwa mlio imekauka, ikibonyea bado. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, au harufu ya uvundo, mwaga zote. Usichague zilizo nzuri, maana sumu ya ukungu haionekani wala haitoki kwa kuchemsha. Mkitumia mtama, mizizi na machipukizi yafikicheni na kuyapepeta yote kabla ya kusaga, kwani yana kitu kinachotoa sayanidi. Kwa mtoto mimi nachagua wimbi.

Muda unakwisha, ila la muhogo siliachi. Mama anaona uji umekuwa mwepesi sana, anatia unga wa muhogo uwe mzito. Muhogo una protini kidogo mno! Ukitaka uzito, punguza kimea, nusu kijiko kinatosha. Au tia karanga zilizosagwa laini au dagaa wakavu waliotwangwa wakachekechwa, vyote kabla ya moto wa pili. Tui zito nalo ni zuri, linaongeza nguvu, lakini uzito wa uji halileti.

Mnywesheni kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa ya chuchu, na uliobaki usingoje magharibi. La kuosha mikono mnalijua.

Kimea kilichobaki kiwekeni kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na kijiko kibichi kisiingie humo. Siku mtakapotia kijiko kizima kwenye sima ya moto na baada ya dakika kumi bado imeng'ang'ania mwiko, kimeisha nguvu. Otesheni kingine.