Futi ya fundi na dayopta mbili

MWANAIDI: Wasikilizaji, kaka Salim mnamjua. Juzi mimi nilishindwa kusoma kikaratasi cha dawa ya mama, yeye akavua miwani yake, akakisoma chote. Tangu siku hiyo anatamba kuwa macho yake bado ya kijana.

SALIM: Nilisoma, sikusoma?

MWANAIDI: Ulisoma. Ndiyo maana nimekuja na futi ya fundi cherehani. Vua miwani, ziba jicho la kushoto. Nasogeza herufi karibu, niambie zikianza kufifia.

SALIM: Hapo.

MWANAIDI: Umefinya jicho! Ukifinya, mwanga unapita kwenye upenyo mwembamba, ukungu unapungua na kipimo kinadanganya. Rudia.

SALIM: Haya, hapo.

MWANAIDI: Sentimita 25. Hiyo ni nukta yako ya karibu. Nazirudisha nyuma… zimefifia kwenye 50, nukta yako ya mbali. Dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi, ni 1 gawanya kwa umbali wa mita. Kwa 0.25 unapata 4, kwa 0.50 unapata 2. Toa, inabaki 2. Huo ndio uwezo wote wa jicho lako kujirekebisha kutoka kuona mbali hadi karibu.

SALIM: Na wewe? Lete futi.

MWANAIDI: Mbali naona bila miwani. Nukta yangu ya mbali haina mwisho, kwa hiyo ni dayopta 0. Karibu ni… 40.

SALIM: Umefinya wewe!

MWANAIDI: Sikufinya.

SALIM: Nimeona kope, dada. Rudia. Ehe, 50! 1 gawanya kwa 0.50 ni 2, toa 0.

MWANAIDI: Ni 2, sawa na wewe. Sote tumevuka miaka hamsini. Mtoto wa miaka kumi huwa anazidi dayopta 10.

SALIM: Misuli imechoka?

MWANAIDI: Hapana. Mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alieleza mwaka 1855: msuli wa ndani ya jicho ukijikaza, nyuzi zinazoivuta lenzi hulegea, nayo lenzi hunenepa. Sasa, lenzi huongeza seli maisha yote na za zamani hazitoki, hubanwa katikati. Inakuwa ngumu. Msuli hujikaza hata uzeeni, lakini lenzi haibadiliki umbo tena.

SALIM: Bado nasema kinachomsaidia mtu ni nukta ya karibu. Yangu ni 25, yako 50.

MWANAIDI: Vaa miwani yako ya mbali uone. Yako nayo itakuwa 50. Hiyo 25 umepewa na kutoona mbali, umri haujakusamehe.

SALIM: Lakini miwani naivua nikitaka! Mtu anaishi na macho yake, haishi na hesabu ya kutoa.

MWANAIDI: Na anayetaka kujua lenzi imefika wapi, bila kutoa atakosea. Sikubali.

SALIM: Wala mimi. Sasa dakika zimekwisha, na namba za miwani ya kusomea hatujazigusa.

MWANAIDI: Wala tofauti ya kupima jicho moja na yote mawili. Wiki ijayo tunaanza na jicho lako la kushoto.

SALIM: Futi nitashika mimi.